Picha za gari hilo zimetoka wapi? Jinsi ya kutafuta kwa picha kabla hujatuma pesa

Majuzi mama mmoja alifika ofisini kwetu na simu mkononi, akaniomba nimwoneshe jinsi ya kutuma dola 800 kwa Zelle. Alikuwa amepata gari kwenye tovuti ya muuzaji: Toyota Sienna ya mwaka 2013, maili 96,000, bei dola 3,200, na wangemletea mpaka mlangoni. Yeye na mume wake wanafanya kazi zamu tofauti, kiwanda kiko mbali, na basi halipiti usiku. Muuzaji alikuwa amemwambia kuwa wateja wengine wawili wanalitaka gari hilo, basi atume malipo ya kwanza kabla ya jioni.

Nilimwomba dakika ishirini tu. Ukituma pesa kwa Zelle ni kama umempa mtu noti mkononi, kuirudisha ni shida, kwa hiyo ukaguzi wote unafanywa kabla ya kutuma. Tulikaa mezani tukaanza na zile picha. Mama ameniruhusu niwasimulie tulichofanya, bila kutaja jina lake.

Kutafuta kwa picha maana yake ni hii: badala ya kuandika maneno, unaipa mashine picha yenyewe na kuiuliza imeonekana wapi kwingine kwenye mtandao. Ni bure. Kwenye simu nyingi za Android ukiwa ndani ya Chrome, weka kidole juu ya picha na ukishikilie hapo mpaka orodha ifunguke, kisha uguse mstari wenye maneno Google Lens. Hata kama simu yako umeiweka kwa Kiswahili au Kifaransa, maneno hayo mawili hubaki vilevile. Picha ikikataa kufungua orodha, piga picha ya skrini: kwenye Android nyingi unabonyeza kitufe cha kuzimia pamoja na cha kupunguza sauti, na kwenye iPhone mpya kitufe cha pembeni pamoja na cha kuongeza sauti. Halafu fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera kwenye sehemu ya kuandikia, uchague picha uliyoipiga. Ikiwa kwenye skrini kuna ujumbe wako au kitambulisho chako, kata sehemu hiyo kwanza, ibaki picha ya gari peke yake.

Tulianza na picha ya kwanza, gari likionekana kwa mbele. Zikaja Sienna nyingi za rangi ile ile ya fedha, mama akashika kichwa. "Kumbe gari letu liko kila mahali!" Hapana. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Google Lens inapenda kukuonesha vitu vinavyofanana, na Sienna za rangi ya fedha ni nyingi sana Amerika. Kufanana si ushahidi. Tunachotafuta ni picha ile ile, iliyopigwa siku ile ile. Juu ya majibu tafuta maneno "Exact matches", maana yake picha zilezile hasa, uguse hapo. Kwa picha ile ya mbele hapakutokea kitu.

Basi tukatazama picha zote tano kwa utulivu, tukitafuta alama ambazo gari lingine haliwezi kuwa nazo. Kwenye picha ya ubavuni kulikuwa na dimbwi la maji chini ya tairi la nyuma, mkwaruzo mrefu kwenye mlango wa kuteleza, na nyuma yake uzio wenye ubao mmoja uliovunjika. Ndani ya gari kulikuwa na doa jeusi kwenye kiti cha katikati. Picha za namna hiyo ndizo za kutafutia. Picha safi ya gari jeupe mbele ya ukuta mweupe haikusaidii sana, maana haina cha kushikia.

Tuliijaribu ile ya ubavuni. Bado hapakuwa na kitu. Lakini nilipoitazama tena niliona jambo: kupitia dirisha, usukani ulionekana upande wa kulia. Mama hakushtuka, nami simlaumu. Tuliokaa Tanzania, Kenya au Uganda tumezoea usukani wa kulia, na hata Kongo na Burundi, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara, magari ya usukani wa kulia yamejaa. Hapa Amerika gari la kawaida lina usukani kushoto. Picha ilikuwa imegeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Walaghai hufanya hivyo makusudi, kwa sababu picha iliyogeuzwa inaweza kuipita mashine bila kutambuliwa. Alama nyingine ya kugeuzwa ni maandishi yanayosomeka kinyumenyume, kwenye mlango wa nyuma au kwenye bango la nyuma ya gari. Muuzaji huyu alikuwa mjanja, hakuweka picha yoyote ya nyuma.

Dawa yake ni rahisi. Fungua picha kwenye simu, ingia sehemu ya kuhariri, chagua kukata, na hapo utaona alama ya kugeuza kushoto-kulia, mara nyingi ni pembetatu mbili zinazotazamana. Tuliigeuza. Tukakata pia utepe mwekundu wenye jina la duka uliobandikwa juu ya picha, kwa sababu utepe kama huo huifanya picha ionekane mpya machoni pa mashine. Ikabaki gari, dimbwi na uzio.

Safari hii jibu lilikuja mara moja. Gari lile lile, dimbwi lile lile, ubao ule ule uliovunjika, kwenye tovuti ya muuzaji mwingine katika jimbo lingine. Kule bei ilikuwa dola 7,900, maili 141,000, na juu yake imeandikwa "SOLD", yaani limeshauzwa.

Hata hapo nilimwambia mama tusikimbilie kumwita mtu mwizi. Wauzaji halali hutangaza gari moja kwenye tovuti tatu au nne kwa wakati mmoja, na picha zitakuwa zilezile bila kosa lolote. Swali ni kama maelezo mengine yanakubaliana: jina la duka, mji, namba ya simu, maili, bei. Kinachomaliza ubishi ni VIN, namba ya herufi na tarakimu 17 ambayo kila gari linayo peke yake. Imeandikwa chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na mara nyingi kwenye fremu ya mlango wake pia. Tangazo la kule lilikuwa na VIN. Mama alimwandikia muuzaji wake akiomba VIN, akajibiwa kuwa ataipata baada ya kulipa. Tulipiga simu kule kwenye duka la kwanza. Bwana aliyepokea alisema gari hilo waliliuza zamani, na kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kuwauliza.

Kwa kuwa dakika zilibaki, tulijaribu pia picha ya "meneja" aliyekuwa akitabasamu kwenye ukurasa wa mawasiliano. Kwa picha kama hiyo mimi hupenda tineye.com. Google Lens inajiuliza kitu hiki kinafanana na nini. TinEye inajiuliza kama imewahi kuiona picha hii hii. Kwa hiyo majibu yake ni machache zaidi, na yakija huwa na uzito. Pia ukichagua "Oldest" inapanga majibu kuanzia ya zamani zaidi. Kumbuka tu kuwa tarehe inayoonekana pale ni siku TinEye ilipoikuta picha, na huenda picha yenyewe ni ya zamani kuliko hapo. Yule bwana wa kutabasamu alikuwepo kwenye tovuti za madaktari wa meno, za bima, na za shule ya udereva. Ni picha ya kununuliwa, ya mtu aliyelipwa kupigwa picha. Mama alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Sasa upande wa pili, kwa sababu nisingependa uondoke na silaha inayokupiga mwenyewe.

Kukosa jibu si kibali cha kutuma pesa. Mashine inajua tu picha ambazo imezipitia, na picha nyingi zilizo ndani ya Facebook, WhatsApp au vikundi vya faragha haizioni. Mlaghai akichukua picha kwenye kundi la majirani wa mji mwingine, utatafuta na hutapata kitu. Picha ikikosa jibu, unarudi kwenye hatua ya kawaida: mwombe muuzaji apige picha mpya ya gari, kukiwa na karatasi juu ya dashibodi yenye jina lako na tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono, na nyingine inayoonesha VIN ikisomeka. Mwenye gari anafanya hivyo kwa dakika tano. Asiye nalo atakuletea hadithi: yuko jeshini, gari liko bandarini, simu imeharibika kamera.

Vilevile, kupata jibu si lazima kuwe ulaghai. Juma lililofuata kijana mmoja aliniletea tangazo la sufuria ya umeme, mpya ndani ya boksi, akiwa na wasiwasi kwa sababu picha ilikuwa kwenye tovuti nyingi mno. Ilikuwa picha ya kiwanda. Kila duka linaloiuza sufuria ile hutumia picha ile ile, na hakuna ubaya. Kitu kipya kinaweza kuwa na picha ya kuazima. Kitu kilichotumika, gari, kochi, simu, kinapaswa kuwa na picha zake chenyewe, zenye mikwaruzo yake.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa nilituma dola 350 kwa kompyuta ya mkononi ambayo haikufika. Picha zake zilikuwa nzuri sana. Siku nilipojifunza njia hii nilizitafuta tena, na zote nne zilikuwa za muuzaji wa Kanada ambaye hakuwa na habari yoyote.

Tovuti ile tuliiripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov. Mama amenunua gari wiki mbili baadaye, Dodge Caravan yenye maili 118,000, kutoka kwa mzee mmoja wa hapa mjini. Picha zake hazikuleta jibu lolote. Alimwomba karatasi yenye jina lake, mzee akaiweka kwenye dashibodi, ila aliandika jina vibaya. Kisha mama na mume wake wakaenda kuliona kwa macho, mchana, wakiwa na fundi.