Mstari wa chini ya slaidi: unavyomvusha mteja mpaka afike kwenye bei

Leo nataka tuongelee sehemu moja ndogo ya posti zetu za slaidi, ule mstari wa chini kabisa. Wengi tunaweka "Swaipu" na mshale, slaidi ya kwanza mpaka ya mwisho, basi. Halafu bei iko slaidi ya sita, na inboksi imejaa "bei gani?" Mteja hajakataa kusoma kwa kiburi jamani, ameishia slaidi ya pili. Hakuona sababu ya kwenda ya tatu.

Neno "Swaipu" linamwambia mteja afanye nini, halimwambii atapata nini. Kuswaipu anajua tangu zamani, na vidoti vya chini ya picha vinamwonyesha kwamba kuna slaidi nyingine. Anachokosa ni swali kichwani ambalo jibu lake liko upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi ya mstari wa chini. Mimi nauita mstari wa daraja, maana mguu wake mmoja uko kwenye slaidi hii na mwingine uko kwenye slaidi inayofuata.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi. Kuna dada anauza vitenge mtandaoni, mzigo anachukua Kariakoo. Alitengeneza posti ya slaidi sita: jinsi ya kujua kitenge cha pamba, mwisho anaweka vitenge vyake na bei. Maelezo yake yalikuwa mazuri tu, ila kila slaidi chini imeandikwa "Swaipu kushoto" na mshale unaoelekea kulia. (Hapo hapo kuna mkanganyiko. Kidole kinakwenda kushoto, picha mpya inatokea kulia. Mshale uelekee kulia inakotoka slaidi mpya, na maneno kushoto na kulia usiyaandike kabisa.)

Tulikaa tukaandika mistari upya, na tulianza nyuma kuja mbele. Yaani kwanza unamaliza maudhui ya slaidi zote, halafu unashika slaidi ya sita unajiuliza: mtu awe na swali gani ndiyo aitake hii? Swali hilo unaliandika chini ya slaidi ya tano. Kisha unafanya hivyo kwa ya tano, ya nne, mpaka ya kwanza. Ukianza mbele utaandika "kuna siri kubwa inafuata" kwa sababu hata wewe hujajua nini kinafuata.

Slaidi ya kwanza ina kichwa: "Kitenge cha pamba au poliesta? Kijue kabla hujalipa." Chini tukaandika: "Anza kwa kukigeuza. Angalia nyuma."

Slaidi ya pili inajibu: kitenge cha wax rangi yake nyuma inakaribia kufanana na mbele, kile kilichochapwa upande mmoja nyuma kimepauka. Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Kipimo hicho kinakuonyesha kitenge kimechapwa vipi, hakikuambii uzi wake ni wa nini. Kuna poliesta zinachapwa pande zote mbili, na kuna pamba safi iliyochapwa upande mmoja. Dada alitaka kuuficha huo udhaifu asije akawachanganya wateja. Nikamwambia huo ndio mstari wako wa chini: "Rangi pande mbili haitoshi kusema ni pamba. Muulize uzi wenyewe."

Slaidi ya tatu: chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, ikipoa inaacha kidonge kigumu. Chini: "Muuzaji hataki uchome uzi dukani kwake?" Kila mnunuzi anajua hataki! Kwa hiyo anakwenda ya nne.

Slaidi ya nne: kikunje kwenye ngumi, kibane kidogo, kiachie. Pamba inabaki na mikunjo, poliesta inarudi kunyooka. Chini: "Sawa, ni pamba. Je, rangi itatoka ukifua?"

Slaidi ya tano: lowesha kona, ikandamize na kitambaa cheupe, uangalie kama rangi imehamia. Chini: "Hivi vinne nimevipima hivyo vyote. Bei zake hizi hapa." Na ya sita ni picha za vitenge vinne, namba 1 mpaka 4, bei ya yadi sita na jinsi ya kuagiza.

Angalia mistari hiyo imetoka wapi. Hakuna hata mmoja uliobuniwa kwa ajili ya mbwembwe. Kila slaidi ina kitu ambacho haijakimaliza: kipimo hakitoshi, au hakiwezekani dukani, au kinazaa wasiwasi mwingine. Unachukua hicho kilichobaki unakiweka chini. Ukiona slaidi haina kilichobaki, mara nyingi maana yake hiyo slaidi haiungani na inayofuata, na mstari wa chini hautaiokoa. Ihamishe au iondoe.

Na ule mstari wa tano, "nimevipima hivyo vyote", uandike kama kweli umevipima. Mteja atachoma uzi nyumbani kwake.

Kosa linalonikera zaidi ni daraja linaloahidi kitu halafu slaidi inayofuata inaanza na kingine. Chini umeandika "rangi itatoka ukifua?", anaswaipu anakuta picha ya duka lako na namba ya simu, jibu liko slaidi mbili mbele. Mara ya kwanza anavumilia. Mara ya pili anajua mistari yako ni chambo tupu, anaacha kuisoma. Jibu lianze kwenye maneno ya kwanza ya slaidi inayofuata, tena kwa maandishi makubwa.

Kuna jambo jingine la Instagram ambalo linabadilisha uandishi wetu. Mtu akipita posti yako bila kuswaipu, wakati mwingine Instagram inamletea tena posti ile ile ikianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo kuna watu slaidi ya pili ndiyo wanaanza nayo. Sasa kama umekata sentensi katikati, chini ya ya kwanza "Sababu ni kwamba..." na juu ya ya pili "...kimechapwa upande mmoja", huyo mtu hataelewa chochote. Kukata kwenye mstari wa chini ruksa, lakini kichwa cha slaidi ya pili kisimame chenyewe. Kwa mfano wetu: "Kitenge cha wax: nyuma kunafanana na mbele." Aliyetoka slaidi ya kwanza anaona jibu, aliyeanzia hapa anaona mada.

Tuje kwenye picha sasa, maana jicho linaona picha kabla ya kusoma. Ishara inayovuta kuliko mshale ni kitu kilichokatwa na ukingo wa kulia. Ukiona nusu ya kitenge kilichokunjwa kinaishia kwenye ukingo wa simu, mkono wenyewe unataka kuona nusu iliyobaki.

Kutengeneza si kazi ngumu. Umbo moja la slaidi ndefu ya Instagram ni pikseli 1080 kwa 1350. Kwenye Canva au aplikesheni yoyote ya picha fungua ukurasa wa 2160 kwa 1350, yaani slaidi mbili kwa upana. Tandaza picha ya kitenge katikati ikivuka mstari wa 1080, halafu kata ukurasa vipande viwili hapo hapo. Usikigawe nusu kwa nusu. Sehemu kubwa iwe slaidi inayofuata, na kwenye slaidi hii kichungulie kipande tu. Kikionekana karibu chote hapa, mteja hana cha kufuata.

Maandishi yasipite kwenye mkato, herufi ikikatwa inaonekana kama umekosea. Usiweke fremu nyeupe kuzunguka picha, kwa sababu fremu inafunga ukingo na kitenge kinaonekana kimeisha pale. Pia slaidi zote ziwe na umbo moja, maana Instagram inafuata umbo la ile ya kwanza. Ukianza na picha ya mraba, zile ndefu zitakatwa ili zilingane nayo, na mstari wako wa chini ndio wa kwanza kuliwa.

Si lazima kila slaidi iwe na kitu kilichokatwa. Kwa posti ile ya vitenge tuliweka mara mbili tu: kati ya ya kwanza na ya pili, ambapo mtu bado hajaamua kama anakaa, na kati ya ya tano na ya sita, ambapo kitenge namba 1 kinachungulia kabla ya bei. Katikati maswali yanatosha. Mshale mdogo kona ya chini kulia slaidi ya kwanza sina ugomvi nao. Slaidi ya mwisho usiweke mshale wowote, haina pa kwenda. Hapo chini andika tendo moja: "Tuma namba ya kitenge inboksi."

Mstari wenyewe uwe mfupi, maneno matano mpaka kumi, na ukae mahali pale pale kila slaidi ili jicho lilizoee. Kwenye ukurasa wa 1080 mimi sishuki chini ya fonti 36. Kwenye kompyuta itaonekana kubwa, kwenye simu ndogo ya mteja juani ni ya kawaida tu.

Ukizipeleka picha zile zile TikTok, pandisha mstari juu, kwani kule kapsheni inakaa juu ya picha chini kushoto na vitufe vinapanga mstari kulia. Daraja lako litafunikwa lote. Na stetasi ya WhatsApp picha zinajiendea zenyewe, kwa hiyo ondoa mshale na neno swaipu, bakiza swali.

Kabla hujaposti, mpe simu mtu wa nyumbani asiyejua biashara yako. Usimwelekeze. Angalia kidole chake kinasita slaidi ya ngapi, kisha muulize, "Hapo ulikuwa unategemea kuona nini mbele?" Akikosa jibu, mstari wa slaidi hiyo ndio wa kuandika upya. Ukishaposti, soma inboksi kwa jicho hilo hilo. Dada wa vitenge akianza kuulizwa "hakichuji rangi?", anajua watu wanaishia ya nne, kwa sababu jibu liko ya tano. Akiulizwa "namba 3 ipo bado?", huyo amefika mwisho.