Jibu langu limezidi 1, nimekosea wapi?

Nasoma fizikia mwaka wa pili. Tulipewa elektroni yenye nishati ya 2.5 eV inayokutana na kizuizi cha mstatili chenye kimo cha 5 eV na upana wa nanomita 0.05. Nimetumia fomula ya darasani, T ≈ 16(E/V₀)(1 − E/V₀)e^(−2κL), nikapata 1.78. Nimerudia, jibu ni lile lile. Inakuwaje uwezekano wa kupenya uzidi 1?
Mwanafunzi, Morogoro

Hesabu yako ni sahihi. Uliyoitumia mahali pasipo pake ni fomula. Fomula kamili ni hii:

T = 1/[1 + V₀² sinh²(κL)/(4E(V₀ − E))]

Ile fupi hupatikana kwa kuichukulia sinh(κL) kuwa nusu ya e^(κL), kisha kuiacha ile 1 ya mwanzo. Hilo linakubalika κL ikiwa kubwa kuliko 1 kwa mbali. Kwa elektroni, κ ni 5.12 mara kipeuo cha pili cha (V₀ − E), ukipima nishati kwa eV na urefu kwa nanomita. Kwako κ ni 8.1, na κL ni 0.405 tu. Sinh yake ni 0.416, ilhali nusu ya e^(κL) ni 0.75. Fomula kamili inakupa T = 0.85. Basi tafuta κL kwanza, ndipo uchague fomula.

Sasa panua kizuizi kiwe nanomita 0.5. κL inakuwa 4.05, na fomula zote mbili zinatoa 0.0012. Ongeza nanomita 0.1 tu, T inashuka hadi 0.00024, yaani moja ya tano. Wepesi huu wa kubadilika kwa upana ndio unaoiwezesha hadubini ya Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, iliyoundwa Zurich mwaka 1981, kuhisi kimo cha atomu moja moja.

Kuhusu nishati, wengi hulitazama lile 16(E/V₀)(1 − E/V₀) na kudhani ndilo linaloamua. Rudi kwenye nanomita 0.5 na upandishe E hadi 3.5 eV. Kizidishi hicho kinapungua, kutoka 4 hadi 3.36, lakini T inapanda hadi 0.0063, zaidi ya mara tano. Sababu ni κ, iliyoshuka hadi 6.27; na kwa kuwa imekaa kwenye kipeo, mabadiliko yake hufunika yale ya kizidishi.

Usiendelee kuipandisha E kwa fomula fupi, hata kizuizi kikiwa kipana. Kadiri E inavyoikaribia V₀, κ huelekea sifuri, na E ikifika 5 eV fomula hiyo itakuambia hakuna elektroni inayopita. Ile kamili, kwa nanomita hizo hizo 0.5, inaelekea 0.11 kadiri E inavyoikaribia 5 eV.