Kutoka Unukuzi hadi Makala: Namna ya Kulinda Sauti ya Msemaji

Tunapomhoji mzee wa parokia, mara nyingi kazi ngumu huanza rekodi ikishazimwa. Mazungumzo ya saa moja hujaza kurasa nyingi, nasi tuna nafasi ya kurasa mbili tu. Tutakata, tutapanga upya, tutanyoosha. Je, mzee akisomewa makala yake atasema, “Hayo ni maneno yangu”?

Katika somo hili tutatumia mfano mmoja tulioutunga wenyewe, lakini umefanana na mengi tunayoyasikia vigangoni. Katekista mstaafu anaulizwa kuhusu miaka yake ya utume. Unukuzi, yaani maneno yake yaliyoandikwa kama yalivyotoka kwenye rekodi, unasema hivi:

“Sasa, eeh, wakati ule, unajua, mvua, mvua ile ya masika, daraja limekwenda. Hakuna njia. Baba yuko parokiani huko, hakuna njia. Mama mmoja akaja usiku, usiku ule, anasema mtoto anakwenda, mtoto anakwenda. Sasa mimi nikasema, mimi ni nani? Mimi ni katekista tu. Lakini mtoto, yaani, ukimwona, ameshakwenda nusu. Nikachukua maji, nikambatiza. Nadhani alikuwa wa wiki mbili hivi, sikumbuki vizuri. Basi. Baadaye nikaenda kwa baba, nikamwambia. Baba akaandika.” Mwandishi anauliza: “Na mtoto?” Mzee anajibu: “Alikufa. Asubuhi. Tukamzika sisi wenyewe.”

Mwandishi mwenye haraka angeandika hivi: “Wakati wa masika, kufuatia kubomoka kwa daraja, nilifanya uamuzi wa kumbatiza kichanga cha wiki mbili, na baadaye nilitoa taarifa kwa paroko ambaye alimwandika katika rejista.” Sentensi ni sanifu na fupi. Lakini tuitazame vizuri tuone kilichopotea na kilichoongezwa.

Kwanza, mtoto hafi tena. Katika sentensi hiyo hatujui kwamba alikuwa anakata roho, wala hatumsikii mama aliyekuja usiku. Kilichobaki ni daraja bovu na katekista aliyeamua kubatiza. Hapa maana yenyewe imegeuka. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba katika hali ya lazima mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa anaweza kubatiza kwa halali. Uhalali wa tendo la mzee umesimama juu ya maneno “mtoto anakwenda” na “hakuna njia”. Tukiyaondoa ili kupata nafasi, tumemfanya aonekane amejitwalia kazi isiyo yake, na msomaji wa parokia jirani ataanza kunong’ona.

Pili, mashaka yamegeuka kuwa hakika. Mzee alisema “nadhani”, “hivi” na “sikumbuki vizuri”. Mwandishi ameandika “wiki mbili”. Maneno madogo ya namna hii tusiyachanganye na “eeh” au “unajua”. “Eeh” ni pumzi ya msemaji, na ikiondoka hakuna kinachopungua. “Nadhani” ni kipimo cha ujuzi wake, na ikiondoka tumemtia kinywani kiapo ambacho hakukitoa. Vivyo hivyo “nilisikia” na “walisema”: yanatuambia kwamba msemaji hakuona kwa macho yake.

Tatu, rejista imetoka wapi? Mzee alisema tu “Baba akaandika”. Twajua kwamba kanuni ya 878 inamtaka aliyebatiza amjulishe paroko ili ubatizo uandikwe, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ni rejista. Lakini hayo ni mawazo yetu, si maneno yake. Hata neno “baba” lina mtego. Kwetu baba ni mzazi, na baba ni padri. Anayesikiliza rekodi kwa haraka anaweza kukosea, hasa kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hutaja mtendaji kwa silabi moja tu: “akaandika” haisemi ni nani. Hapa dawa ni kurudi kwa mzee na kumwuliza: “Baba yupi? Aliandika wapi?”

Sasa tufanye kazi yenyewe. Tunaanza kwa kusikiliza rekodi tena huku unukuzi uko mbele yetu, kwa sababu karatasi haionyeshi kimya wala kicheko. Kisha tunapita na kalamu: tunakata vijazo na marudio yasiyo na kazi, tunapigia mstari maneno ambayo ni yeye tu angeyasema, na tunaweka alama ya kuuliza penye utata. Hapa si kila rudio ni takataka. “Mvua, mvua ile” ni kusitasita, tunabakisha moja. “Mtoto anakwenda, mtoto anakwenda” ni kilio cha mama, tunakiacha kizima.

Matokeo yanakuwa hivi: “Mvua ile ya masika, daraja limekwenda. Baba yuko parokiani huko, hakuna njia. Mama mmoja akaja usiku, anasema mtoto anakwenda, mtoto anakwenda. Mimi nikasema, mimi ni nani? Mimi ni katekista tu. Lakini mtoto, ukimwona, ameshakwenda nusu. Nikachukua maji, nikambatiza.” Umri wa mtoto tunausema kwa sauti yetu: mzee anadhani alikuwa wa wiki mbili hivi. Kisha tunaandika: Tulipomwuliza habari za mtoto, alijibu, “Alikufa. Asubuhi. Tukamzika sisi wenyewe.”

Tazama kwamba hatukugusa mfuatano wa “akaja, nikasema, nikachukua, nikambatiza”. Huo ndio mwendo wa msimulizi wa Kiswahili, na kuugeuza kuwa “nilifanya uamuzi” ni kumvika mzee koti la ofisini. Tazama pia kwamba swali letu limebaki. Tungelificha, ingeonekana mzee mwenyewe ndiye aliyeongoza mazungumzo hadi kaburini, kumbe alikuwa amekwisha sema “Basi”.

Kupanga upya kunaruhusiwa, ila kwa mpaka. Katika maelezo yetu wenyewe tunaweza kutanguliza la mwisho. Ndani ya alama za nukuu hatuunganishi sentensi ya dakika ya kumi na ya dakika ya hamsini kana kwamba zilifuatana. Tunafunga nukuu, tunaweka maneno yetu, tunafungua nyingine. Neno tulilolazimika kuongeza ndani ya nukuu tunaliweka katika mabano ya mraba: “Baba [paroko] akaandika.”

Makosa ya sarufi nayo yawe na kipimo kimoja. Mtu akiteleza na kusema “kitabu yangu”, tunarekebisha kimya kimya, awe askofu au mkulima. Tukimsafishia mmoja na kumwachia mwingine, tumemcheka mmoja mbele ya watu.

Mwisho, tunarudi kwa mzee na kumsomea makala kwa sauti, maana si wote wanaona vizuri kusoma. Tunamwomba asahihishe mambo yalivyokuwa. Katika mfano wetu lipo swali moja tusiloweza kulijibu wenyewe: mama yule huenda bado yu hai, na kigango ni kidogo. Jina lake halikutajwa, lakini majirani watamjua. Mzee akituambia, “Kwanza nikaongee naye,” tunasubiri, hata kama toleo litatoka bila makala hiyo.