Simu ya Bure Inayoanza kwa Ada ya Shilingi 15,000

Huenda umewahi kupokea ujumbe wa aina hii: "Hongera! Wewe ni miongoni mwa washindi wa simu mpya. Lipia shilingi 15,000 tu za usafiri ili utumiwe zawadi yako." Ujumbe huo huja ukiwa na jina na picha ya msanii, mchekeshaji au mtangazaji anayefahamika. Makala hii inaeleza namna utapeli huo unavyofanyika na mahali unapoweza kuutambua kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ukurasa wa bandia

Mara nyingi mtu maarufu anayetajwa hana habari yoyote. Tapeli hufungua ukurasa mpya, hunakili picha na video za mhusika, kisha huweka jina linalokaribiana na lile la kweli, ila limeongezewa herufi moja, nukta au neno "zawadi". Huwaomba watu waandike maoni, na kila aandikaye hutumiwa ujumbe kwamba ameshinda. Hakuna droo iliyochezeshwa.

Katika Instagram, gusa vidoti vitatu vilivyo juu ya ukurasa, kisha uchague "About this account". Utaona mwezi na mwaka ambao ukurasa ulifunguliwa. Msanii wa miaka mingi mwenye ukurasa uliofunguliwa mwezi uliopita ni jambo la kutiliwa shaka. Hata hivyo, umri peke yake si uthibitisho, kwa kuwa matapeli pia hutumia kurasa za zamani walizoziiba.

Ada isiyokwisha

Tuchukue mfano wa mama muuza mboga, tumwite Mama Neema. Anatuma shilingi 15,000 za usafiri. Kesho yake anaambiwa kwamba mzigo umefika stendi, lakini zinahitajika shilingi 30,000 za bima, ambazo atarejeshewa. Akishalipa, anadaiwa shilingi 50,000 za ushuru. Sasa ametoa shilingi 95,000, yaani mtaji wake wote wa sokoni, na simu haijaonekana.

Kwa nini hakuacha mapema? Kwa sababu kila alipotaka kuacha, alihofia kupoteza alichokwisha kulipa. Tapeli anaijua hofu hiyo na ndiyo anayoitegemea. Ada ya kwanza huwekwa ndogo ili isimshtue mtu, na kumbe ada hizo ndizo biashara yenyewe.

Mama Neema alikuwa na nafasi moja ya kujiokoa. Unapotuma fedha kwa simu, kabla ya kuingiza namba ya siri, huonyeshwa jina lililosajiliwa kwa namba ya mpokeaji. Lisome. Ikiwa ni jina la mtu binafsi usiyemfahamu, ambaye si msanii wala kampuni iliyotajwa, sitisha muamala. Jibu la kwamba "huyo ni meneja wetu" lisikushawishi.

Kiungo cha "kuthibitisha ushindi"

Wapo matapeli wasiodai fedha. Hao hutuma kiungo kinachofungua ukurasa wa kujaza jina, namba ya simu na nywila. Kisha humwomba mshindi awatajie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake kwa ujumbe mfupi. Tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti ya WhatsApp katika simu nyingine. Ukizitaja, tapeli anaichukua akaunti yako na kuanza kuwaandikia ndugu zako: "Nimepata dharura, nitumie laki moja." Hapo wanaotapeliwa ni wale wanaokuamini. Usimtajie mtu yeyote tarakimu hizo.

Ikiwa umekwisha kutapeliwa

Ikiwa umetuma fedha, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala. Fedha zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji, upo uwezekano wa kuzuiwa. Akishazitoa kwa wakala, kuzipata huwa vigumu sana.

Ikiwa umepoteza WhatsApp, isajili upya namba yako katika simu yako kwa tarakimu mpya utakazotumiwa. Kufanya hivyo humtoa aliyeingia. Wajulishe ndugu zako kwa kuwapigia simu.

Ujumbe mfupi wa kitapeli utume kwenda namba 15040. Usiufute, wala usifute mazungumzo. Yapige picha ya skrini na uende nayo kituo cha polisi ufungue taarifa na kupewa RB. Kosa hili linaangukia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Wengi hunyamaza kwa kuona aibu, na namba ileile huendelea kumtapeli jirani. Aliyetapeliwa hana kosa la kuficha. Kama hujui pa kuanzia, fika ofisi ya Mtendaji wa Kata yako ukaelekezwe.