SOMO: JINA LA KUSALIMIANA KULE TOORO



Tunajua kwamba wako wengi kati yetu walio na ndugu ngambo ya Kasindi. Wengine walienda kwa biashara, wengine kwa masomo, na tangu mauaji yaliyoanza pande za Beni mwaka 2014 wengine walikimbia tu, na kitu kidogo mkononi. Kuna jamaa waliofika kambi ya Kyaka II, katika wilaya ya Kyegegwa, na kuna waliofika muji wa Fort Portal. Fasi hizo mbili ziko katika nchi ya Watooro. Ndugu hao wakiandika ao wakipiga simu, neno moja linarudia: «Huku wananiuliza jina lingine kila siku. Nifanye nini?» Kwa hiyo tumeona vema kuandika somo hili juu ya jina hilo.

Kwanza njia yenyewe. Ukitoka Butembo unapita Beni, unafika Kasindi, unavuka mto Lubiriha, na pale ngambo ni Mpondwe na Bwera. Hapo mutu wetu hajaona bado ugeni. Wakonjo wa Uganda wanasema luga yetu, tofauti ni kidogo tu. Asubui unasema «Wabukire», mangaribi «Wasibire», na unashukuru kwa «Wasingya», kama nyumbani. Majina vilevile. Kambale wetu, mtoto mwanaume wa pili, kule wanamwita Bwambale. Kasereka wa tatu anakuwa Masereka, Kakule wa ine anakuwa Kule, Katembo wa tano anakuwa Thembo, na Mbusa wa sita anabaki Mbusa. Mutu akitaja jina lako amekwisha kujua ulizaliwa wa ngapi. Hata Kasese unaweza kuishi hivi bila shida.

Lakini panda gari kutoka Kasese kwenda kaskazini, kilometa kama 75, ukiacha mlima Rwenzori mkono wa kushoto, utafika Fort Portal. Pale ndipo swali linakuja: «Empaako yaawe?» Maana yake: empaako yako ni nani?

Empaako si jina la ukoo, wala si jina la ubatizo. Ni jina la kusalimiana na la heshima, na kila mutooro anapewa moja tangu utoto. Yako 12 tu kwa watu wote: Abbooki, Abwooli, Acaali, Adyeri, Akiiki, Amooti, Apuuli, Araali, Ateenyi, Atwooki, Bbala na Okaali. Hili la mwisho, Okaali, limewekwa kwa mufalme, wanayemwita Omukama, basi usilichukue hata kwa mchezo. Wanyoro wa upande wa Hoima wana desturi hiyohiyo. Wazee wanasema majina haya yaliletwa na Waluo waliotoka kaskazini, wale wa ukoo wa kifalme wa Babito, ndiyo sababu hayafanani na maneno mengine ya Kitooro. Usipoteze muda kuuliza kila jina linafasiriwa namna gani. Utapata majibu mengi.

Namna ya kulitoa ni hii. Mtoto akizaliwa, jamaa wanakusanyika nyumbani kwao. Mashangazi wa upande wa baba wanampokea mtoto na kumwangalia sura yake vizuri: macho haya ni ya nani, paji hili ni la nani? Akifanana na ndugu fulani, hapo wanapata njia ya kuchagua. Kisha mkubwa wa ukoo anatangaza jina. Baadaye wanakula pamoja bugali wa ulezi na nyama ya ngombe iliyokaushwa kwa moshi, wanamupa mtoto zawadi, na wanapanda muti kwa heshima yake. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika desturi hii katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, kwa sababu inaanza kupotea.

Sasa tuangalie namna inavyotumika, maana hapa ndipo watu wetu wanajikwaa.

Tuseme Kambale wa Butembo amefika Fort Portal mangaribi, na amepokewa na mama mmoja mwenye nyumba. Mama anamuuliza: «Empaako yaawe?» Anajibu: «Kambale.» Mama anangojea, kisha anarudilia swali. Hajakataa jina Kambale. Anatafuta lile la kumsalimia nalo, na hajalipata. Kambale anaeleza kwamba kwao hawana empaako. Mama anacheka, anamwangalia, anasema: «Unafanana na kaka yangu. Utakuwa Araali. Mimi ni Abwooli.» Hiyo imekwisha, hakuna karatasi wala feza. Mgeni anaweza kupewa empaako namna hiyo, na wanafurahi kumpa.

Asubui mama anasema: «Oraire ota, Araali?» Umelala namna gani, Araali? Kambale anajibu: «Ndaire kurungi», nimelala vizuri, na ananyamaza. Maneno ni sawa, lakini salamu imebaki nusu. Ilipasa aseme: «Ndaire kurungi, Abwooli.» Mama alimpa heshima ya jina, naye hakuirudisha. Huko salamu ni kubadilishana majina mawili, lako na la mwenzako, ndiyo maana ni lazima kuuliza la mwenzako siku ya kwanza na kulishika kichwani. Ukilisahau, uliza tena. Kuuliza ni afazali kuliko kumwita mama mzima kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo kule ni ukosefu wa adabu kama vile kwetu mtoto kumwita baba yake kwa jina.

Mangaribi salamu inageuka: «Osiibire ota, Abwooli?» Umeshinda namna gani? Hapa tusimame kidogo, sababu jambo hili lilitufurahisha. Sikilizeni «osiibire» ya Kitooro na «wasibire» ya kwetu. Ni neno moja, la kushinda muchana, na mwisho wake «-ire» ni uleule wa jambo lililokwisha kupita. Watooro wanaulizia siku namna imekwenda. Sisi tunaitaja tu siku yenyewe. Kumbe mwanafunzi wa Butembo anayelalamika kwamba Kitooro ni kigumu, nusu ya salamu amekuwa nayo tangu kwa mama yake.

Kosa lingine ni kuzania kwamba empaako inaonyesha ujamaa. Kambale alikutana butikeni na mwanaume anayeitwa Abwooli, akamuuliza kama ni ndugu wa mama mwenye nyumba. Watu walicheka. Majina ni 12 kwa watu wote, wanaume na wanawake, kwa hiyo Abwooli wako kila barabara. Jina letu Kambale linasema fasi yako katika nyumba. Abwooli haisemi fasi wala ukoo, inasema tu kwamba mutu huyu anakukaribia kwa heshima. Hata bwana na bibi yake wanaitana hivyo, na wakigombana, wazee huwarudisha kwa empaako, maana ni vigumu kumtukana mutu huku unamwita Adyeri.

Sasa swali gumu, lile ndugu zetu wanalouliza kwa simu: je, nikiitika Araali, nimeacha Kambale?

Tusilijibu kwa haraka, sababu swali hili lina historia. Sisi Wakongo tunajua serkali ikigusa jina la mutu. Mwaka 1972 wazazi na babu zetu walikatazwa majina ya ubatizo, na kusalimiana kukageuzwa: hakuna tena Bwana na Bibi, ni «sitwayeni» kwa wote, hata mwaka 1990 Mobutu alipolegeza. Wazee fulani hapa Butembo wangali wanalisema neno hilo kwa kucheka, wengine hawalitaki kabisa masikioni. Na upande wa Uganda, Wakonjo walitawaliwa miaka mingi chini ya ufalme wa Tooro. Watoto wao walisomeshwa kwa Kitooro, na mwaka 1962 jambo hilo na mengine yalizaa upinzani wa Rwenzururu, ambao ulikaa mlimani miaka 20. Kwa hiyo ukimkuta mzee Mukonjo pale Kasese, usimuulize empaako yake. Kwake inaweza kuwa jina la yule aliyemtawala. Mwambie «Wabukire», inatosha. Na kama wewe Munande umefika Fort Portal, watu wanaweza kukuzania Mukonjo kwa sababu ya luga, ukiwa na uchungu wa kuitwa jina la kwao, unaruhusiwa kusema polepole: «Niite Kambale.» Wataitika. Hata Watooro wenyewe hawako wote na mawazo moja, maana kuna kundi la dini huko linalokataza wafuasi wake kutumia empaako.

Lakini sisi tunaona tofauti kubwa kati ya jina unaloamriwa na jina unalopewa mlangoni na mama aliyekupikia. Mama Abwooli hakumwambia Kambale aache kitu. Alimwongezea. Na Kambale naye akamfundisha mama kusema «Wasingya» baada ya chakula, na mama akalisema, vibaya vibaya, kila siku.

Jambo moja tunaomba mulishike sana, hasa wanaokwenda kambini. Empaako ni ya mdomo. Siku ya kuandikwa kama mkimbizi, ao ya kuingia shule, toa jina lile lililo kwenye karti ya kura na kwenye buletini yako ya shule, herufi kwa herufi. Usiandike Araali kwa kuwafurahisha watu, na usigeuze Kambale kuwa Bwambale kwa kujificha kati ya Wakonjo. Karatasi mbili zenye majina mawili zinaleta shida siku ya kutafuta diploma yako huku nyumbani, na pia siku jamaa wakikutafuta katika orodha, maana watatafuta Kambale.

Na ukirudi likizo, ukishuka gari pale Beni, ukimkuta shangazi yako barazani, usimwanzishe na «Osiibire ota». Hajui hayo. Mpe mkono wa kuume, mkono wa kushoto ukishika kiwiko kama ulivyofundishwa, mwambie «Wasibire», na umngoje yeye aulize habari za huko. Halafu unaweza kumwambia kwamba kule unaitwa Araali. Atataka kujua ni nani aliyekupa, na kwa nini alisema unafanana na kaka yake.

Maulizo ya kujibu katika kalasi:

1. Mtu amekuambia «Oraire ota, Akiiki?» Yeye ni Ateenyi. Utajibu namna gani?
2. Umefika Bwera asubui na mapema. Utamsalimia mwenye butike kwa neno gani, na kwa nini?
3. Waulize wazee wa kwenu: mwaka 1972 walifanya nini na jina lao la ubatizo, na nyumbani waliitana namna gani?