Vifaranga na maranda mabichi: hatari ni mara tatu au mara nne?

Mfugaji mmoja kanitumia picha ya daftari lake. Ana mabanda mawili ya vifaranga na kuhara damu (koksidiosisi) kumeingia. Kabla hajatoa hela ya maranda mapya na kurekebisha vinyweshea vinavyovuja, anataka kujua: banda lenye maranda mabichi lina hatari kiasi gani zaidi?

| Maranda | Wagonjwa | Wazima | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mabichi | 60 | 140 | 200 |
| Makavu | 20 | 180 | 200 |

Ukiletewa picha, kwanza hakiki jumla. Mara nyingi ukingo hukatika, ukachukua safu ya wazima ukidhani ni jumla. Hapa 60 + 140 = 200, na 20 + 180 = 200. Tuko sawa.

Hatari linganishi (RR). Gawa wagonjwa kwa jumla ya mstari wao, halafu linganisha:

```
60/200 = 0.30
20/200 = 0.10
RR = 0.30/0.10 = 3
```

Yaani kifaranga wa maranda mabichi ameugua mara tatu ya mwenzake.

Uwiano wa odi (OR). Odi ni wagonjwa kwa wazima, siyo kwa jumla. Njia ya mkato ni kuzidisha kimshazari:

```
OR = (60 × 180)/(140 × 20) = 3.86
```

Huyu kijana alipata 3.86 akaniandikia "hatari karibu mara nne". Hapana. Hiyo ni odi, na ugonjwa ukiwa umeenea, odi hukuza tofauti. Wangeugua 6 na 2 tu katika kila 200, RR ingebaki 3 na OR ingekuwa 3.06, karibu sawa kabisa.

Sasa kwa nini tuhangaike na OR? Kwa sababu kuna wakati ndiyo pekee inayofaa. Tuseme umechagua wagonjwa 50 na wazima 50, kisha ukauliza kila mmoja alilalia maranda gani. Idadi ya wagonjwa umeipanga mwenyewe, kwa hiyo kugawa kwa jumla ya mstari hakukupi hatari ya kweli. Hapo tumia OR.

Na tahadhari: vifaranga ni 400, lakini mabanda ni mawili tu. Kuhara damu huambukizana ndani ya banda, kwa hiyo ugonjwa ukiingia banda moja, wengi huugua pamoja. Pia huenda banda bichi ndilo lenye msongamano. Jedwali halionyeshi hilo.

Hata hivyo, mayai ya vijidudu vya koksidiosisi yanahitaji unyevu na joto ili yakomae na kuambukiza. Kwa hiyo nimemshauri aanze na vinyweshea, atoe maranda yaliyolowa, kisha kundi lijalo ahesabu tena kwa jedwali hilihili, akiandika pia idadi ya vifaranga kwa mita ya mraba.