SOMO: RATIBA YA WIKI YA KWANZA YA MFANYAKAZI MPYA



Katika viwanda vingi vya chai nchini Uganda mfanyakazi mpya hufika Jumatatu, hupewa ovaroli, na kabla ya saa sita mchana tayari yuko kwenye mashine. Sisi tunadai apelekewe ratiba ya wiki nzima angalau siku saba kabla hajafika. Kila mkutano uandikwe saa yake, mahali, jina la atakayemwona, na jina la mtu wa akiba. Pasipo mtu wa akiba, msimamizi akiitwa kwingine mkutano hufa, na mgeni husukumwa kazini.

Tuchukue mfano wa kijana anayekwenda kwenye mashine ya kukata majani. Rola zake mbili zenye meno huzunguka kwa kuelekeana, moja ikienda kasi kuliko nyingine. Zikishika kidole huvuta mkono mzima.

Jumatatu, saa 2 asubuhi: afisa utumishi. Mkataba, mshahara, kadi ya NSSF. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwajiri hadi wiki 12 kutoa masharti ya kazi kwa maandishi. Tusingoje, tuyaombe siku hiyo. Ratiba imwambie mapema aje na kitambulisho.

Jumanne, saa 2: fundi wa mitambo. Amwonyeshe swichi kuu, namna ya kuifunga kwa kufuli, na kwamba ufunguo hukaa mfukoni mwa yule anayesafisha rola. Saa 5: mwakilishi wa chama, nusu saa, msimamizi akiwa hayupo.

Jumatano na Alhamisi: akae na mfanyakazi mzoefu, atazame bila kugusa. Kila siku saa 9 alasiri amwone msimamizi na kuuliza maswali.

Ijumaa, saa 3: mbele ya fundi na mwakilishi, azime mashine na kuifunga mwenyewe. Akishindwa, arudie Jumatatu, wala asikatwe mshahara.

Jihadharini na ujanja mmoja. Mkutano wa chama ukiwekwa Ijumaa jioni, mara nyingi huahirishwa kwa sababu chai imejaa, kisha husahauliwa. Ndiyo maana tumeuweka Jumanne.

Mtajuaje kama ratiba inafuatwa? Jumatano jioni mwulizeni mgeni: umeonana na nani, na ufunguo wa kufuli hukaa wapi? Asipojua jibu la pili, asiguse mashine, hata kama karatasi yake imetiwa sahihi zote.

Asiyejua kusoma asomewe ratiba kwa simu, kwa lugha anayoielewa. Anayeanza zamu ya usiku naye afanye wiki hii mchana, kwa kuwa usiku afisa utumishi hayupo.

Maswali ya kujadiliana tawini:
1. Kwetu, nani huandika ratiba, na chama huiona lini?
2. Fundi akiwa hayupo Jumanne, nani atashika nafasi yake?